Kabla ya kupatana na jirani anayekusumbua, hesabu watu

Nina vyumba vinne vya kupangisha, vinavyopakana kwa ukuta mmoja na karakana ya seremala. Alipoanza kuranda mbao kwa mashine usiku, mpangaji wangu mmoja alihama na chumba kikakosa mtu, nikawa ninapoteza shilingi 80,000 kila mwezi. Nilimwendea kwa hasira. Naye akanijibu kwamba karakana yake ilitangulia vyumba vyangu.

Mwaka 1960 mchumi Ronald Coase alionyesha kwamba hasara ya namna hii ina pande mbili: seremala akiendelea ninaumia mimi, na akizuiwa anaumia yeye. Alirejea kesi ya London ya mwaka 1879, ambamo daktari aliyejenga chumba cha kupokelea wagonjwa karibu na vinu vya jirani yake, mtengeneza peremende, alipewa na mahakama haki ya kuvizuia. Coase alieleza kwamba hata baada ya hukumu hiyo wawili hao wangeweza kuuziana haki hiyo, kama vinu vilimfaa mwenyewe kuliko utulivu ulivyomfaa daktari.

Nilirudi kwa seremala na swali jingine: kazi ya usiku inakuingizia faida kiasi gani? Akasema 30,000. Tukakubaliana nimlipe 50,000 kwa mwezi aache kazi saa moja jioni, mjumbe wa shina akiwa shahidi. Kama haki ingekuwa yangu, yeye ndiye angelazimika kuninunua, lakini asingeweza kunipa zaidi ya 30,000, nami nisingekubali. Kwa hiyo mashine ingenyamaza vilevile. Tofauti ingekuwa ni nani anayetoa fedha, jambo ambalo kwa mfuko wangu si dogo.

Mapatano hayo yalifanikiwa kwa sababu tulikuwa wawili, tulikaa kikao kimoja, na akivunja ahadi ninasikia mwenyewe kupitia ukutani.

Nilipojaribu njia hiyohiyo kwa moshi wa tanuri la matofali lililo juu ya mtaa wetu, nilishindwa. Kaya zilizoathirika zilikuwa kama 40, na moshi ukipungua unampungukia hata asiyechanga, hivyo wengi walisema hauwasumbui sana, ingawa walikuwa wakifunga madirisha mchana kutwa. Mwenye tanuri naye alitaja bei kubwa kuliko faida tuliyoweza kuikadiria, na hakuna aliyejua kama ana kibali cha kuchoma pale, kwa hiyo hatukujua nani amlipe nani. Jioni tatu za vikao zilikwisha bila hata orodha ya wachangiaji.

Kwa hiyo, mkiwa wawili au watatu, anzeni kwa kuthibitisha haki ni ya nani, kisha ulizaneni hasara na faida kwa shilingi, na malipo yatolewe kila mwezi baada ya ahadi kutimizwa. Mkiwa mtaa mzima, msianze na mchango: pelekeni malalamiko serikali ya mtaa na kwa afisa mazingira wa halmashauri, mkiomba masharti ya saa za kuchoma na mahali pa tanuri. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumechelewa miezi mitano.