Kila Ujumbe Uwe na Mwenyewe

Swali la wiki: "Kundi la WhatsApp la usharika wenu liwe na miongozo gani kuhusu siasa, habari za kusambazwa, ujumbe wa usiku na kutofautiana kwa heshima?"

Ndugu Mhariri,

Ninajibu nikiwa katibu wa usharika wa Kilutheri jijini Dar es Salaam na mmoja wa wasimamizi wa kundi letu. Miongozo mingi niliyoiona huorodhesha mada zilizokatazwa, na washarika huipita kirahisi, kwa sababu jambo lilelile laweza kuletwa kwa vazi jingine. Sisi tumeweka sharti moja linalobeba mengine yote: kila kinachotumwa kiwe na mtu aliye tayari kukisimamia kwa jina lake, na anayeweza kuulizwa.

Sharti hilo linapimwa zaidi na habari za kusambazwa. Jumamosi moja jioni iliingia sauti ya mwanamume akidai kwamba Noah nyeusi inateka watoto karibu na shule ya msingi, na haikuchukua muda wazazi wakaanza kuulizana kama wawapeleke watoto shule ya Jumapili kesho yake. Ujumbe ulikuwa na alama ya mishale miwili, ambayo WhatsApp huiweka pale ujumbe unapokuwa umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuanzisha. Alama hiyo haithibitishi kwamba habari ni ya uongo. Inachotuambia ni kwamba aliyeuleta kwetu hamjui msemaji, na hivyo hawezi kuusimamia. Sauti yenyewe haikutaja shule, siku wala mtaa; ilisema tu kwamba "ndugu yangu wa polisi amethibitisha". Habari inayomtaja shahidi asiye na jina na mahali pasipo na jina, hata ikiwa na sauti ya kutetemeka, haina mahali pa kuulizia.

Tulifanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza nilimpigia simu mama aliyeuleta, wala sikumwandikia kwenye kundi, nikamuuliza ameupata kwa nani. Akasema kwa shemeji yake, naye shemeji kautoa kwenye kundi la kikoba. Pili nilimpigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mzee mmoja wa kanisa akawapigia walimu wawili wa shule zilizo karibu nasi. Tatu niliandika kwenye kundi kwamba hadi saa tatu usiku mwenyekiti wa mtaa na walimu hao hawakuwa wamepokea taarifa ya tukio la namna hiyo, nikaweka jina langu, kisha nikaifuta ile sauti. Sikuandika kwamba ni uongo, maana hilo sikuwa nalijua. Niliandika kile nilichokiuliza na nilichojibiwa. Mpangilio huo una sababu yake. Msimamizi akifuta kabla ya kueleza, washarika huona tu kwamba ujumbe umefutwa na nani kaufuta, na mtu mwenye hofu huamini kwamba kuna jambo linafichwa.

Washarika wafahamu pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha habari anazojua kuwa ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Bibi aliyesambaza kwa hofu hana nia hiyo. Anayeendelea kusambaza baada ya kuelezwa, hata hivyo, amejiweka mahali pengine kabisa.

Kwenye siasa, mabango ya wagombea na vipande vya video za mikutano ya kampeni si vigumu kuvizuia, kwa kuwa kila mtu anavitambua. Kinachotusumbua ni kampeni inayokuja kama ombi la sala: "Tumwombee mzee wetu fulani, Bwana amfungulie mlango wa udiwani." Nani atathubutu kukataa kuomba? Lakini katika usharika huohuo yupo mshirika wa chama kingine anayeutaka mlango huohuo. Tumekubaliana kwamba maombi ya uchaguzi yataletwa na mchungaji peke yake, bila jina la mtu wala chama, na kwamba pongezi za uteuzi zitapelekwa kwa mhusika kwenye simu yake. Tarehe za uandikishaji wa wapiga kura zinaruhusiwa. Nyaraka za maaskofu nazo zinaruhusiwa, hata zinapogusa mambo ya nchi kama ulivyofanya waraka wa Pasaka wa maaskofu wa KKKT mwaka 2018, mradi ziletwe nzima na ofisi ya usharika. Kipande kilichokatwa na kuongezewa maneno ya mtu hatukipokei kama waraka.

Ujumbe wa usiku una ufumbuzi ulio rahisi zaidi. Tunayo makundi mawili: la matangazo, ambalo wasimamizi pekee huandika, na la mazungumzo, ambalo msimamizi wa zamu hulifunga saa nne usiku na kulifungua saa kumi na moja alfajiri kwa kubadili mpangilio wa nani anaweza kutuma. Washarika wetu walioko Marekani walilalamika, na kwa haki, kwa kuwa saa nne yetu ya usiku kule Minnesota wakati wa kiangazi ni saa nane mchana. Nao husubiri hadi kundi lifunguliwe ndipo watume. Msiba hausubiri alfajiri, lakini hata huo hauanzii kwenye kundi. Mwenye habari humpigia mwenyekiti wa jumuiya yake, na tangazo hutoka baada ya mtu wa familia kuthibitisha kwamba watoto na ndugu wa karibu wameshaambiwa. Binti asisome kifo cha baba yake kwenye simu akiwa ndani ya daladala.

Kutofautiana hatukukatazi. Paa la kanisa libadilishwe sasa au tusubiri mavuno, mtunza hazina asome mapato kila mwezi au kila robo mwaka, hayo ni mambo ya washarika na wayaseme. Kila mmoja huzungumza mara mbili juu ya hoja moja. Akiwa na la tatu, analipeleka Baraza la Wazee kwa maandishi, na baraza humjibu. Anayemjibu mtu badala ya hoja hufuatwa kwanza faragha na msimamizi mmoja, kisha na wazee wawili, kwa utaratibu wa Mathayo 18, ambao washarika wanaukubali kwa sababu hatukuutunga sisi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na sharika nyingi: mchungaji asiwe mwenye kitufe cha kuondoa watu. WhatsApp huweka wazi mbele ya kundi nani kamwondoa nani, na mshirika aliyeondolewa na mchungaji wake huona ametengwa na Meza ya Bwana, ilhali kosa lake ni kubishana juu ya mabati. Kuondoa ni kazi ya katibu baada ya wazee wawili kukubali, kwa muda wa mwezi mmoja unaotajwa mapema, na katika mwezi huo mshirika habaki gizani: anabaki kwenye kundi la matangazo, na mwenyekiti wa jumuiya yake humjulisha ya ziada. Mwezi ukiisha katibu mwenyewe humrudisha, bila kumtaka aombe radhi mbele ya kundi.