Je, wasufi, watawa na mayogi wote wanaonja kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma dini na falsafa mwaka wa pili. Kuna hii falsafa ya kudumu, kwamba msufi, mtawa wa Kikristo na yogi wa Kihindu wakifika mwisho wa njia wanaonja kitu kilekile, majina tu ndo tofauti. Mi nimeikubali, ila jamaa yangu anasema ilishavunjwa zamani na mwanafalsafa Katz. Mwingine naye anasema tafiti za uyoga wa kulevya zimeithibitisha maabara. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba. Kwanza tujue tunajadili toleo lipi, maana watu wengi wanaanzia kwa Aldous Huxley na kitabu chake cha 1945, na kile kitabu ni kitamu kusoma lakini kama hoja ni dhaifu, kakusanya manukuu ya huku na huku kayapanga pamoja, na ukichagua nukuu vizuri unaweza kuonyesha chochote. Aliyeijenga hoja yenyewe kifalsafa ni W. T. Stace, 1960, kwa hiyo ukitaka kuipima ipime kwake.

Stace anasema hivi: ripoti ya mmistiki, yaani mtu anayesema ameonja umoja huo moja kwa moja, ina tabaka mbili. Kuna tajiriba yenyewe, halafu kuna tafsiri anayoipa baadaye kwa lugha ya dini yake. Ukiibandua tafsiri, chini yake kwa wale waliozama ndani kabisa unakuta kitu kimoja, yaani fahamu tupu, hakuna picha, hakuna wazo, hakuna mimi na wewe, umoja mtupu. Mhindu akitoka hapo anasema nilikuwa Brahmani, yaani ule uhalisi mmoja wa vyote, Mkristo anasema niliungana na Mungu, msufi anasema nilifanaika, yaani nafsi yangu ilitoweka kwa Mungu. Nadharia nzima inaning'inia kwenye hako kamstari kati ya tajiriba na tafsiri, na mi naona hapo ndo pa kubonyeza.

Sasa chukua mtu mmoja tumfuate, Ahmad Sirhindi, msufi wa Kinakshibandi wa India, alizaliwa 1564 akafariki 1624. Huyu namchagua kwa sababu si mtu wa nje anayewapinga wasufi, yeye mwenyewe ni msufi na ameandika kwenye barua zake alivyopita. Kalelewa kwenye mafundisho ya msufi Ibn Arabi ya wahdatul wujud, umoja wa kuwepo, kupitia baba yake, na alipoingia tarika kwa Baqi Billah kule Delhi akaionja hiyo hali, akaona vyote ni kimoja na hakuna kingine ila Yeye. Ingekuwa Stace yuko pale na daftari angesema haya, huyu kafika. Lakini Sirhindi anaendelea kusimulia kwamba hali ile ilipita, akaingia nyingine ambayo ulimwengu aliuona kama kivuli, upo lakini si Yeye, halafu ikaja ya tatu anayoiita abdiyya, utumwa, ambapo ilimdhihirikia kwamba mja ni mja na Mola ni Mola na kati yao hakuna muungano wowote. Na anaiweka hii ya tatu JUU ya ule umoja. Ule umoja anausemea kwa mfano wa jua: mtu aliyekodolea jua mchana haoni nyota hata moja, lakini nyota zipo palepale, kilichobadilika ni kuona kwake. Ndo maana akaita wahdatush shuhud, umoja wa kushuhudia, si umoja wa kuwepo.

Stace angejibuje? Jibu lake kwa kesi za namna hii analo tayari, kwamba wamistiki wa dini za Mungu mmoja walikuwa wanabanwa na viongozi wa dini, wakaiweka ile tofauti ya mja na Mungu ili wasije wakaitwa makafiri. Kwa baadhi inawezekana, siwezi kukataa, hofu ilikuwepo. Ila kwa Sirhindi haiingii vizuri, kwa sababu hasemi alionja umoja kisha akautafsiri kwa adabu, anasema alionja mambo matatu tofauti moja baada ya lingine na anayalinganisha. Ukimwambia hiyo ya tatu ni tafsiri tu lakini ile ya kwanza ndo tajiriba, umetumia kipimo gani? Maana kama kila ripoti inayokubaliana na mimi naiita tajiriba na kila inayonipinga naiita tafsiri, nadharia yangu haitashindwa milele, na hapo siyo kwamba imethibitika, imejifungia mlango tu.

Kwa hiyo jamaa yako ana pointi. Lakini Steven Katz naye asichukuliwe kama hukumu ya mwisho. Insha yake ya 1978 inasema hakuna tajiriba tupu, yaani mafundisho, nidhamu na matarajio ya mtu yanaiunda tajiriba kabla hajaionja, si baada. Mfano wake mmoja ni wa wamistiki wa Kiyahudi: wao walifundishwa devekuti, kuambatana na Mungu bila kuyeyuka ndani yake, na ndicho walichokuja kukionja. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inakulazimisha usome kila mtu na shule yake badala ya kuokota sentensi. Udhaifu wake ni kwamba ile kauli ya mwanzo ya "hakuna tajiriba tupu" hajaithibitisha, ameianza nayo. Halafu kuna watu wanaomtatiza: Eckhart, mtawa wa Kidominika, kauli zake zilihukumiwa na Papa mwaka 1329, sasa kama mapokeo ndo yanakupa cha kuonja, inakuwaje mtu anarudi na maneno yanayowashtua walewale waliomlea? (Watu hapa humtaja sana Hallaj, aliyeuawa Baghdad 922, ila kesi yake ilikuwa na siasa nyingi ndani, siyo lile neno lake la "Mimi ndiye Haki" peke yake.)

Robert Forman, 1990, akaja na toleo dogo zaidi. Anasema tuache kudai wote, tuseme tu kuna tukio la fahamu isiyo na kitu ndani linaloripotiwa kwenye mapokeo kadhaa, na kama halina kitu ndani basi utamaduni umeunda nini hapo? Mi hili naliona ni gumu kulivunja. Lakini angalia bei yake: kitu kisicho na maudhui hakiwezi kukwambia ni Mungu au Brahmani au ubongo umetulia, kwa hiyo ile ndoto ya dini zote ni moja haitoki humo. Ulichokubali wewe ni kikubwa kuliko kinachotetewa hapa.

Haya, uyoga. Mwaka 1962, Ijumaa Kuu, Walter Pahnke aliwapa wanafunzi 10 wa theolojia silosaibini, ile dawa iliyomo kwenye uyoga huo, kule Boston, wengine 10 wakapewa kitu kingine cha kulinganishia, na karibu wote waliopewa dawa wakatoa ripoti za kimistiki. Shida ni kwamba orodha ya sifa aliyopimia kwa sehemu kubwa aliichukua kwa Stace. Mwaka 1975 Ralph Hood akatunga hojaji yake yenye sentensi 32, nayo imejengwa juu ya Stace vilevile. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2006 wakatumia hojaji za ukoo huohuo. Tafiti zenyewe si mbaya, zinaonyesha dawa inaweza kuleta hali inayofanana na aliyoielezea Stace, na hilo ni jambo. Ila haziwezi kuthibitisha kwamba hiyo ndo kiini cha wote, kwa sababu uamuzi wa nini kihesabiwe ulishafanyika kabla mtu hajameza kidonge. Kwenye hojaji ya Hopkins, ili uhesabike una tajiriba kamili lazima upate angalau asilimia 60 kwenye kila kipengele, na umoja ni mojawapo. Mpe Sirhindi ile fomu akiwa kwenye hatua yake ya tatu, aliyoiona ya juu kuliko zote, ajibu kwa ukweli, atafeli.