Usilipe herufi kwa sababu picha ya simu imependeza

*"Wakuu, nina duka la vipodozi Morogoro, ukuta wa mbele ni wa njano iliyochakaa. Nataka kupaka bluu halafu niweke bango la herufi za kusimama. Kijana mmoja amenitengenezea picha ya duka likiwa tayari, limependeza mno, kaipiga asubuhi jua likiwa safi. Kesho nalipa advansi ya herufi ili ziwe tayari rangi ikikauka. Je, akriliki au fleksi? Taa za LED ziwe nyeupe au za njano? Na rangi ya maji au ya mafuta?"*

Mkuu, hiyo advansi ya kesho iache mfukoni. Nilifanya hivyo hivyo na duka langu la spea za pikipiki Dodoma, na nikalipia bango moja mara mbili.

Duka langu linatazama mashariki. Mtengeneza mabango alikuja saa mbili asubuhi, akasimama barazani, hatua nne tu kutoka mlangoni, akapiga picha. Jioni akanitumia duka lenye ukuta wa kijivu cha mkaa na herufi nyekundu iliyokolea. Nilipomuuliza kama kweli litakuwa hivyo akanijibu, "Bosi, unachokiona ndicho utakachokipata." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo alijua vizuri alichokuwa anakificha, au basi hakuijua kazi yake.

Nikapaka ukuta, nikaagiza herufi 11 za akriliki zenye urefu wa sentimita 40, kila moja shilingi 55,000. Yaani 605,000 kabla ya fundi wa kufunga. Siku ya kwanza asubuhi, raha tupu. Ilipofika saa nane mchana nikavuka barabara kununua maji, nikageuka, bango silioni. Naliona kama doa jeusi juu ya ukuta mweusi. Wateja wananipigia simu wako mbele ya duka wananiuliza nipo wapi.

Kilichotokea ni hiki. Duka la kutazama mashariki hupata jua la moja kwa moja asubuhi tu. Kuanzia mchana jua liko utosini, kisha linahamia nyuma ya jengo, na upenu wa bati unaweka kivuli juu ya ukanda uleule unaobeba bango. Nyekundu iliyokolea na kijivu cha mkaa ni rangi mbili tofauti, lakini weusi wake unakaribiana mno. Jua likiondoka, kinachobaki ni weusi huo. Kwenye simu hutaligundua, kwa sababu kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, ile nyekundu inawaka. Akriliki isiyo na taa haiwaki, inategemea mwanga unaoiangukia.

Hili unaweza kulipima leo kwa dakika moja. Fungua picha ya kijana wako kwenye Snapseed, bonyeza Tools, chagua Black & White. Kama herufi zinazama ukutani, hiyo ndiyo sura ya bango lako mchana kivulini. Zangu zilizama kabisa nilipojaribu, ila nilijaribu herufi zikiwa zimeshafungwa.

Kosa la pili lilijificha ndani ya la kwanza. Picha iliyopigwa karibu, simu ikiwa imeelekezwa juu, inaufanya ukuta wa juu uonekane mwembamba kuliko wa chini. Yule mtengeneza mabango wangu akabandika herufi juu ya picha hiyo kwa kukadiria kwa jicho. Mbele ya duka langu, nguzo hadi nguzo, ni mita 5.6, na hakuna aliyepima. Herufi zilipofika, zikipangwa kwa nafasi zilizoonekana kwenye picha, ya mwisho inaangukia ukuta wa jirani. Fundi akazibana ili ziingie. Ukiwa mbali zikawa zinagusana, jina halisomeki hata asubuhi.

Ndiyo maana sikuweza kujiokoa kwa kupaka ukanda wa krimu nyuma yake. Nilizishusha zote. Kila herufi ilikuwa na skrubu 4, kwa hiyo yalibaki matundu 44 kwenye rangi mpya. Nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka ukanda wote upya, kisha nikaagiza nyingine.

Mara ya pili nilipima mwenyewe. Nilivuka barabara, nikasimama mbele ya katikati ya duka, simu nikaishika wima bila kuielekeza juu, nikapiga picha saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa moja usiku. Kwenye picha iliyonyooshwa, zile mita 5.6 zilichukua pikseli 1,400. Gawanya, unapata pikseli 250 kwa mita moja. Kwa hiyo herufi ya sentimita 25 lazima ichorwe kwa pikseli 62 au 63, haijalishi mchoraji anaona inapendeza ikiwa kubwa. Nilichagua 25 kwa sababu ng'ambo ya barabara ni kama mita 25, na kanuni ya watu wa mabango ni kwamba sentimita 1 ya urefu wa herufi husomeka bila taabu hadi kama mita 1.2. Sentimita 21 zingetosha.

Hata hapo sikulipa. Nilichukua fleksi ya zamani, nikaigeuza upande wa nyuma mweupe, nikaipaka kijivu kilekile cha ukuta, nikakata herufi za ukubwa halisi kwenye karatasi nyeupe nikazibandika. Nikaitundika siku mbili juu ya ukuta uliokwisha kupakwa. Mchana nikamwomba bodaboda ambaye hajui jina jipya la duka apite bila kusimama, kisha anisomee alichokiona. Alilisoma. Ndipo nikatoa hela.

Wewe una jambo jingine la kuangalia, ule ukuta wa njano. Vijana wengi hupaka rangi kwenye picha kwa kuweka tabaka lenye Multiply. Njia hiyo inahifadhi vivuli vizuri, lakini inachanganya bluu yako na njano iliyopo chini, kwa hiyo bluu uliyoipenda huenda imekolea na kuelekea kijani, na kopo la bluu utakalonunua halitakupa hiyo. Mwambie kwanza aondoe rangi kwenye ukuta wa picha ubaki kijivu, auangaze, ndipo aweke bluu. Halafu nunua kopo dogo, paka ubao wa mita 1 kwa mita 1 mikono miwili, uache ukauke kabisa, uuegemeze mbele ya duka na uutazame kwa saa zile tatu. Ukishaipata bluu yako ukutani, nenda na ubao huo kwa mtengeneza herufi, aweke vipande vyake vya akriliki juu yake mkiwa nje, kivulini.

Taa tutazungumza ukishakuwa na kitu kinachosomeka mchana. Duka lako linatazama upande gani? Piga picha kesho saa nane ukiwa ng'ambo, uitupie hapa pamoja na upana wa nguzo hadi nguzo, tukupigie hesabu.