Aya Hii Inafanya Kazi Gani? Namna ya Kusoma Safu za Maoni Ili Kujifunza Kujenga Hoja

Wengi wanaoanza kusoma safu za maoni ili wajifunze kuandika hoja hushika kalamu na kupigia mstari kila sentensi iliyowapendeza. Nami nilianza hivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa na daftari lililojaa misemo mizuri ya watu wengine, lakini makala yangu ya kwanza ilirudishwa na mhariri ikiwa na swali moja tu pembeni: "Unataka nikubali nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekusanya mapambo bila kuangalia jinsi nyumba inavyosimama. Kilichonitoa hapo ni kuacha kuuliza aya inasema nini na kuanza kuuliza inafanya kazi gani katika makala, nami nawashauri ninyi mnaoanza mfanye hivyo tangu makala ya kwanza.

Anzeni kwa kufunika kichwa cha makala. Katika magazeti mengi kichwa huandikwa na mhariri, wala si na mwenye safu, na kazi yake ni kumvuta msomaji. Kwa hiyo mara nyingi huwa kikali kuliko dai lenyewe, na pengine hutaja jambo ambalo mwandishi amelipitia kwa sentensi moja. Someni mpaka mwisho, kisha mkamilishe kwa maneno yenu sentensi inayoanza hivi: "Mwandishi anataka nikubali kwamba…" Sentensi hiyo ikikataa kukamilika baada ya kusoma mara mbili, msijilaumu haraka. Zipo safu ambazo hazina dai, ni malalamiko yaliyopangwa vizuri, na kuzitambua ni sehemu ya elimu hii.

Sasa tuchukue makala moja tuitembelee aya kwa aya. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, ila tumchukulie mwandishi wake kuwa mtu mwingine; ushahidi unaotajwa ndani yake ni wa kweli. Ina aya nane. Ya kwanza inasimulia habari ya msichana aliyechelewa kurudisha kitabu cha maktaba, akaogopa faini, na hakukanyaga tena maktabani kwa mwaka mzima. Ya pili inadai kwamba maktaba za umma ziache kutoza faini za ucheleweshaji. Ya tatu inasema faini humwumiza maskini, ilhali mwenye uwezo huiona kama kodi ndogo ya kukaa na kitabu. Ya nne inaeleza kwamba Maktaba ya Umma ya Chicago iliondoa faini hizo Oktoba 2019, na katika wiki chache zilizofuata vitabu vilivyorudishwa viliongezeka maradufu na zaidi. Ya tano inataja utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2000, ambao ulionyesha kwamba vituo vya kulelea watoto vilipoanza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao, waliochelewa waliongezeka badala ya kupungua. Ya sita inakiri kwamba faini huingizia maktaba fedha, kisha inajibu kwamba fedha hizo ni kidogo. Ya saba inapendekeza kwamba anayekaa na kitabu muda mrefu mno atozwe bei ya kitabu chenyewe. Ya nane inamrudia msichana yule, safari hii akiwa mlangoni mwa maktaba.

Pembeni mwa kila aya andikeni kazi yake kwa maneno mawili au matatu: kumvuta msomaji, kuweka dai, kutoa sababu, kuleta ushahidi, kujibu mpinzani, kupendekeza, kufunga. Hatua hii ni nyepesi na haitawachukua zaidi ya dakika kumi. Ugumu unaanza mnapouliza ni kitu gani kinachoibeba aya moja hadi nyingine.

Mwanafalsafa Stephen Toulmin, katika kazi yake ya mwaka 1958 kuhusu hoja, alitenganisha dai, ushahidi, na kile kinachotoa ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Mimi hukiita hicho cha tatu daraja. Mwandishi wa safu mara nyingi halitaji daraja lake, na hafanyi hivyo kwa hila kila mara: ana nafasi ya maneno kama 800, na msomaji anayelijaza mwenyewe hujiona amefikia uamuzi kwa akili yake. Hapo ndipo ilipo nguvu kubwa ya ushawishi, na hapo ndipo mnapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Tazameni aya ya nne. Ushahidi ni kwamba vitabu vilirudi kwa wingi Chicago. Dai ni kwamba faini ziachwe. Daraja lililonyamaziwa ni lipi? Liandikeni kwa ukamilifu: "Ikiwa vitabu vingi vinarudi mara tu faini zinapoondolewa, basi watu watarudisha vitabu vizuri zaidi siku zote bila faini." Likishaandikwa hivyo, ufa unaonekana wenyewe. Wimbi la wiki za mwanzo linaweza kuwa la vitabu vilivyokaa majumbani miaka mingi, ambavyo wenyewe waliogopa kuvirudisha, nalo ni jambo linalotokea mara moja tu. Linathibitisha kwamba faini ziliwazuia watu kurudi, jambo linaloisaidia sana aya ya kwanza na ya tatu. Halithibitishi kwamba wakopaji wa miaka ijayo watarudisha kwa wakati. Ushahidi si wa uongo, ila umepewa mzigo mzito kuliko uwezo wake.

Aya ya tano ina funzo kubwa zaidi, kwa sababu kasoro yake haionekani ndani ya makala. Utafiti ule ulifanywa na wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini katika vituo 10 vya mji wa Haifa, Israeli. Vituo 6 vilianzisha faini, na idadi ya wazazi waliochelewa ilipanda hadi takriban mara mbili ya ilivyokuwa. Maelezo yao ni kwamba faini iligeuka bei: mzazi aliyekuwa akimwonea haya mlezi sasa alijiona amelipia muda wake. Mpaka hapo mwenye safu yuko salama. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Baadaye faini iliondolewa, na uchelewaji haukushuka. Ulibaki juu vilevile. Kwa mtu anayedai kwamba faini zilizokwisha kuzoeleka ziondolewe, nusu hii ya pili ndiyo inayomhusu zaidi, nayo ndiyo iliyoachwa nje.

Sisemi kwamba aliiacha kwa makusudi. Huenda aliupata utafiti kupitia safu nyingine iliyokuwa tayari imeukata. Ndiyo sababu ninashika kanuni moja: katika kila makala ninayoichambua, nachagua ushahidi mmoja tu, ule unaobeba uzito mkubwa zaidi, na kuufuata mpaka chanzo chake. Kufuata wote kunachosha, na mtu akichoka huacha kabisa. Mkifika kwenye chanzo, ulizeni jambo moja: je, kilichopimwa pale ni kitu kile kile kinachodaiwa hapa? Kule Haifa ilipimwa athari ya kuanzisha faini mahali ambapo haikuwapo, kisha athari ya kuiondoa baada ya wiki kadhaa. Faini ya maktaba iliyodumu miongo mingi ni jambo la tatu, na mwandishi mwangalifu angelisema hilo kwa nusu sentensi.

Aya ya sita nayo isomeni kwa namna ya pekee. Kabla ya kuifikia, simameni mwandike pingamizi tatu nzito ambazo ninyi wenyewe mngelitoa. Katika mfano wetu, mimi ningeandika hivi: maktaba itakosa fedha, watu watazoea kuchelewa, na msomaji anayengoja kitabu hicho hicho ndiye atakayeumia. Sasa someni mjue mwandishi amechagua kujibu lipi. Amechagua la fedha, ambalo ndilo jepesi kuliko yote. Yule anayengoja foleni hajatajwa kabisa, ingawa yeye pia anaweza kuwa maskini, na kumtaja kungeitikisa aya ya tatu. Maneno "ni kweli kwamba" hutufanya tumwone mwandishi kuwa mwadilifu, na kwa kawaida tunamwamini zaidi baada ya kuyasoma. Lakini kukiri kunapimwa kwa uzito wa kile kilichokiriwa. Binafsi, hiki ndicho kipimo changu cha kwanza cha mwandishi wa safu, hata kabla sijaangalia takwimu zake.

Kuhusu habari ya msichana sina mengi. Mfano wa mtu mmoja hutupa sura ya tatizo, hautuambii tatizo ni kubwa kiasi gani, na kumrudia mwishoni ni mbinu ya kufunga ambayo mtaiona mara nyingi hadi muichoke. Si kosa. Jiulizeni tu kama makala ingesimama mkimwondoa. Hii yetu ingesimama, kwa kuwa aya ya tatu ina sababu isiyomtegemea.

Tahadhari moja inahitajika. Anayeanza huwa anachambua kwa ukali safu asizokubaliana nazo, na zile anazozipenda anazipitisha kama jamaa mlangoni. Niligundua hilo katika daftari langu mwenyewe: kurasa za wapinzani zilijaa alama za kuuliza, na za wale waliosema nilichokuwa nakiamini zilikuwa safi. Tangu hapo nachambua makala mbili zinazopingana juu ya jambo moja, nikianza na ile inayonipendeza, kwa sababu ukali wangu ukitangulia kwa mpinzani huwa umeisha ninapofika kwa rafiki.

Mkishazoea kuona madaraja, fanyeni zoezi ambalo Benjamin Franklin alilitumia alipokuwa kijana akijifunza kuandika kutokana na insha za jarida la Kiingereza lililoitwa The Spectator. Aliandika dokezo fupi la kila wazo, akayachanganya madokezo yale, na baada ya wiki kadhaa akajaribu kuyapanga upya na kuiandika insha, kisha akalinganisha na ya asili. Kwa safu ya aya nane mnahitaji vipande vinane vya karatasi. Vichanganyeni, viwekeni kando kwa wiki mbili, kisha mvipange bila kuangalia makala. Pale mpangilio wenu unapotofautiana na wa mwandishi, msiharakishe kujisahihisha. Nilipolifanya zoezi hili kwa mfano wetu wa faini, niliiweka aya ya pendekezo kabla ya aya ya kukiri, na nikaona kwamba kwa mpangilio huo pingamizi la anayengoja kitabu haliwezi tena kukwepwa, kwa sababu msomaji akisikia kwamba mkopaji atalipishwa tu baada ya muda mrefu mno, huuliza papo hapo ni nani atakayekuwa anangoja muda wote huo.