Ijumaa iliyobanwa katikati

"Alhamisi ni sikukuu, nataka kuomba likizo ya Ijumaa tu. Niandikeje nisionekane mvivu?"

Usianze na "samahani sana kwa usumbufu", wala usimtunge mgonjwa. Ukirefusha maelezo kwa siku moja, bosi anaanza kutafuta ulichoficha. Mimi niliandika hivi, wiki tatu kabla:

"Habari za asubuhi, bosi. Naona Ijumaa tarehe 14 imebanwa kati ya sikukuu na wikendi. Naomba niiokoe kwa siku moja ya likizo yangu ya mwaka. Ripoti utaipata Jumatano kabla sijatoka, na mwenzangu amekubali kupokea simu zangu. Kama kuna aliyeniwahi, niambie tu."

Utani mmoja unatosha. Ukiongeza wa pili, ombi linageuka mzaha. Nadhani ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisaidia, maana siku hiyo kila mtu anaitaka. Ila soma kwanza kanuni za likizo za hapo kazini: wapo waajiri wanaohesabu na sikukuu yenyewe ukiiunganisha na likizo. Rafiki yangu anashikilia kwamba ni heri kuomba kwa mdomo. Sawa, lakini bosi akikubali, bado mwandikie.