Picha za daftari la vibarua: kupata saa na malipo bila kupunja mtu

Swali: Mimi ni karani wa mradi wa ujenzi hapa Tanzania. Msimamizi ananitumia WhatsApp picha za daftari la mahudhurio na vikaratasi vya ovataimu. Nikiingiza kwenye Excel napata saa hasi, na kila Jumamosi vibarua wanalalamika kwamba nimewapunja. Nakosea wapi?

Jibu: Saa hasi zinatokana na kuingiza saa za Kiswahili kama zilivyoandikwa. Kibarua aliyeingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 1:30 usiku, Excel inamwona amefanya kazi nusu saa tu. Ukitoa saa moja ya chakula, inabaki -0.5. Kwa hiyo geuza kwanza. Saa ya asubuhi, mchana au jioni iongezee 6: saa 11 jioni inakuwa 17:00. Ya usiku au alfajiri iongezee 18, na ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 12 asubuhi na dakika zake pekee hazifuati kanuni hii: 12:00 iandike 6:00, 12:30 iandike 6:30.

Tatizo kubwa zaidi ni daftari lenye mikono miwili, mmoja akiandika 1:00 na mwingine 7:00 kwa maana ile ile. Tena 1 na 7 za kalamu zinafanana. Usikisie. Weka alama ya kuuliza kwenye safu ya maelezo, andika jina la faili la picha pembeni, kisha umuulize msimamizi kabla ya siku ya malipo. Mwombe pia apige picha kutoka juu moja kwa moja, pembe nne za ukurasa zionekane, na aitume kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na tarakimu zilizofifia hupotea.

Tuseme D ni kuingia, E kutoka na F mapumziko kwa saa. Fomula za G (saa zote), H (za kawaida) na I (ovataimu ya siku) ni hizi:

```
G2: =ROUND(MOD(E2-D2,1)*24-F2,2)
H2: =MIN(G2,9)
I2: =G2-H2
```

`MOD` inamudu zamu inayovuka usiku wa manane. Kuzidisha kwa 24 ni lazima, kwa kuwa Excel huhifadhi muda kama sehemu ya siku.

Malalamiko ya Jumamosi huenda yana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na pia 45 kwa wiki. Aliyefanya saa 9 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa amekwisha maliza 45, hivyo saa zake zote za Jumamosi ni ovataimu, hata kama hazikufika 9. Fomula ya siku haiwezi kuliona hilo. Ongeza hii kwa kila kibarua, mistari yake ya Jumatatu hadi Jumamosi ikiwa 2 hadi 7:

```
=SUM(I2:I7)+MAX(0,SUM(H2:H7)-45)
```

Chukua kibarua wa shilingi 18,000 kwa siku ya saa 9. Saa moja ni 2,000, na ovataimu, ambayo hailipwi chini ya mara moja na nusu, ni 3,000. Jumatatu hadi Ijumaa amefanya saa 45: 90,000. Jumatano kikaratasi kinasema saa 11:00 jioni hadi 1:30 usiku, yaani saa mbili na nusu: 7,500. Jumamosi saa 1:00 hadi 6:00 mchana, saa 5: 15,000. Jumla ni 112,500. Karani anayeandika 2.30 badala ya 2.5, na kuilipa Jumamosi kama siku ya kawaida, atapata 106,900. Hapo kibarua amepoteza 5,600 ndani ya wiki moja.

Kosa la upande wa pili ni kulipa mara mbili. Hiyo Jumatano, kama daftari lenyewe limeandika kutoka saa 1:30 usiku, fomula imekwisha hesabu zile saa mbili na nusu. Kikaratasi kitumie kuthibitisha tu, usikijumlishe tena. Vikipishana, rudi kwa msimamizi. Linganisha kwa namba ya kibarua, maana majina hufanana.

Saa za kuanzia 20:00 hadi 6:00 zina nyongeza ya asilimia 5. Ikiwa ni ovataimu, asilimia hiyo inahesabiwa juu ya 3,000, kwa hiyo saa inakuwa 3,150. Jumapili na sikukuu hulipwa mara mbili, zitenge kwenye safu zake. Na ukiona jumla ya siku imepita saa 12, au ovataimu ya wiki nne imepita saa 50, sheria imevukwa. Kagua kwanza kama picha imesomwa vibaya. Kama imesomwa sawasawa, mlipe kibarua saa zote alizofanya na umwandikie msimamizi asiipange tena kazi hivyo.