Si kiasi gani, ni miezi mingapi

Swali la wiki: "Wewe uliyejiajiri, unaweka shilingi ngapi kwa mwezi kwa ajili ya uzee?"

Mhariri, huku Newala hatuna mwezi, tuna msimu. Mimi ni fundi cherehani. Korosho zikishapigwa mnada, kuanzia Oktoba hadi Januari, nashona hadi usiku: vijora, sare za harusi, kisha sare za shule. Ikifika Machi fedha ya mkulima imerudi shambani, na mimi nakaa kibandani nikibadilisha zipu. Kwa hiyo siku zote nilisema mifuko ya pensheni ni ya walimu na manesi, sisi akiba yetu ni matofali na mashine.

Mama aliyenifundisha kushona aliamini hivyohivyo. Alikuwa na cherehani tatu za miguu, akiziita watoto wake wa uzeeni. Ukaja msimu wa 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulishangilia. Lakini malipo yalikwenda na uhakiki, na wengi wakangoja miezi. Sisi mafundi tulikuwa tumeshashona kwa mkopo. Daftari lake lilijaa majina, na mbele ya kila jina "korosho zikilipwa". Mwenye duka la vitambaa hakungoja. Februari mama akauza mashine ya kwanza, Machi ya pili. Na kwa kuwa mji mzima haukuwa na fedha, mnunuzi alitaja bei aliyotaka yeye. Nakumbuka ile ya pili: aliitia mafuta, akapitisha uzi, akashona mshono mmoja kwenye kipande cha khanga, akaukagua kwa kidole, ndipo akaondoa mkono. Macho yake sasa yamechoka. Hupita kibandani kwangu nimtungie sindano.

Nilidhani kosa lake ni kukopesha. Ninavyoandika naona ni jingine: akiba yake ilikuwa imefungwa kwenye korosho zilezile zilizomlisha. Korosho zilipokwama, kazi ilikosa fedha na mashine zikakosa bei, siku moja.

Oktoba 2024 nikajiunga na NSSF, skimu ya Hifadhi kwa waliojiajiri. Kiwango changu ni 30,000 kwa mwezi. Ukitaka na matibabu ni 52,200. Nilikuwa na miaka 41. Kilichonishtua si hiyo 30,000, ni miezi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Hadi nifike 60 nina miaka 19. Nikilipa miezi saba tu ninayopata fedha, 19 mara 7 ni 133, sifiki. Nikilipa kumi kila mwaka, ni 190, nafika nikiwa na nafasi ndogo ya kuugua au kufiwa. Usipofika, umri ukitimia unapewa fedha mara moja kwa mkupuo, na mkupuo huku kwetu huisha kabla ya masika.

Kwa hiyo mchango wa mwaka mzima, 360,000, naukusanya ndani ya miezi minne ya korosho. Ni 90,000 kwa mwezi, kama 22,500 kwa wiki. Kila Jumamosi, kabla sijanunua kitambaa, naiingiza kwenye laini ya simu ambayo mteja hata mmoja haijui. Halafu kila mwezi nalipa 30,000 kwa kumbukumbu namba, na nahakikisha mwezi huo umeonekana kwenye taarifa ya michango yangu. Ukisubiri mwaka uishe ndipo uangalie, mwezi uliokosekana utakusumbua kuufuatilia.

Je, nakushauri ujiunge? Nilianza kuandika nikitaka kusema hapana. Sasa nasema ndiyo, ila si kwa kila mtu. Kama huna hata chakula cha miezi miwili pembeni, anza na hicho, maana fedha hii si ya kuchomoa mtoto akiugua. Na mchango mdogo utaleta pensheni ndogo, usitegemee itajenga nyumba. Mashine yangu ya pili sijaiuza wala siuzi.

Aliyevuka 50 hesabu yake ni nyingine. Miaka kumi ni miezi 120 tu, hata asipokosa mmoja. Huyo namwona afadhali anunue vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, korosho zikilipa aongeze, akihitaji auze baadhi, akijua kuwa bei ya kipande hubadilika na faida haina ahadi. Dada yangu ana 51. Nimemwambia aende huko, asinifuate mimi. Anasema tungoje mnada wa kwanza.